MAPE, WAPE au mwegemeo: kipimo kipi kiamue oda ya stoo?

Stoo ninayoisimamia iko Mwanga, Kigoma mjini. Tunauza vitu vingi, lakini kinachoninyima usingizi ni mifuko ya sandarusi ya kufungashia dagaa, ile ambayo wateja wetu huiita salfeti. Inatoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na inakuja ikiwa imefungwa mabunda. Oda tunaituma kila Jumatatu, na mzigo hushushwa mlangoni kwetu wiki tatu baadaye. Wanunuzi ni wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, pamoja na wale wanaopanda boti kwenda Mwamgongo hadi Kagunga. Mtu ambaye dagaa wake wameshakauka hawezi kusubiri mfuko wiki tatu. Akikosa kwetu anavuka barabara, na huko anakohamia huwa ananunua na kamba, chumvi na sukari.

Maoteo ya mifuko hiyo yalikuwa yakiandikwa na watu wawili. Kijana wetu wa mauzo alikuwa na lake, na dada anayeshika leja alikuwa na lake. Mama mwenye duka alitaka tubaki na maoteo ya mmoja, yale yenye kosa dogo. Tukafungua programu ya stoo, tukasoma kipimo kilichokaa juu kabisa kwenye ripoti, kile kinachoandikwa MAPE, nacho kikamchagua kijana. Tukaagiza kwa maoteo yake, na ndani ya miezi miwili stoo ilikauka mara tatu. Kwa sababu hiyo nimeamua kuviweka vipimo hivi bega kwa bega, kwa hesabu zenyewe, ili mwenye stoo kama yangu aone kila kimoja kinapima nini kabla hajakikabidhi oda zake.

Wiki nane za mifuko

Kwanza hesabu. Nimeziviringisha ili zifuatike kwa urahisi, lakini umbo lake ndilo lile la leja yetu. Safu ya "waliotaka" ina mabunda tuliyouza pamoja na yale ambayo wateja waliyaulizia wakayakosa. Nitaeleza baadaye kwa nini hayo ya pili hayapaswi kuachwa. Kijana alikuwa akiandika 70 kila wiki. Dada aliandika 100.

| Wiki | Waliotaka | Maoteo ya kijana | Maoteo ya dada |
|---|---|---|---|
| 1 | 120 | 70 | 100 |
| 2 | 100 | 70 | 100 |
| 3 | 20 | 70 | 100 |
| 4 | 120 | 70 | 100 |
| 5 | 140 | 70 | 100 |
| 6 | 100 | 70 | 100 |
| 7 | 40 | 70 | 100 |
| 8 | 160 | 70 | 100 |

Jumla ya waliotaka ni mabunda 800, yaani wastani wa 100 kwa wiki. Wiki ya 3 na ya 7 zimeporomoka, na mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa sababu: ni mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa kama wanavyokusanyika gizani, kwa hiyo mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Pasipo dagaa wa kufungasha, mfuko hauna mnunuzi.

MAPE: wastani wa asilimia za makosa

MAPE huchukua kosa la kila wiki bila kujali limeenda juu au chini, huligawa kwa mahitaji halisi ya wiki hiyo ili kupata asilimia, kisha hutafuta wastani wa asilimia hizo zote. Watu wanakipenda kwa sababu ukisema "tulikosea kwa asilimia 20" hakuna anayeuliza asilimia 20 ya nini. Unaweza pia kulinganisha mifuko na chumvi, ingawa moja inahesabiwa kwa mabunda na nyingine kwa kilo.

Kwa wiki zetu nane, MAPE ya kijana ni asilimia 72 na ya dada ni 81. Kijana ameshinda.

Sasa tazama wiki ya 3 peke yake. Waliotaka walikuwa 20, dada aliandika 100, amezidisha 80. Themanini kugawa kwa ishirini ni asilimia 400. Geuza mambo: tuseme waliotaka ni 100 na mtu akaandika 20. Amekosea kwa mabunda 80 yaleyale, lakini asilimia yake ni 80 tu, kwa sababu sasa tunagawa kwa 100. Hapo ndipo penye hatari ya kipimo hiki. Anayeandika pungufu hawezi kamwe kuvuka asilimia 100, hata akiandika sifuri. Anayeandika zaidi hana dari. Kwa hiyo bidhaa ikiwa na wiki za kushuka ghafla, MAPE humsukuma mwandishi wa maoteo ashushe namba zake ili asiumizwe na wiki hizo chache, na gharama yake inalipwa katika wiki zote nyingine.

Ukitoa wiki ya 3 na ya 7, MAPE ya dada inaanguka hadi kama asilimia 17, na ya kijana inabaki karibu 42. Wiki mbili ambazo kwa pamoja zilikuwa na mabunda 60 kati ya 800 ndizo zilizoamua mshindi.

Kuna wakati kinashindwa kabisa kuhesabika. Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sisi tulikuwa na wiki ambazo hakuna aliyeulizia mfuko wa dagaa hata mmoja. Kugawa kwa sifuri hakuwezekani, na kwenye Excel kisanduku kikaandika `#DIV/0!`. Programu nyingine huziruka wiki za namna hiyo kimyakimya na kukupa wastani wa zilizobaki. Hiyo naiona mbaya zaidi, kwa sababu mzigo uliolala katika wiki hizo hauonekani popote kwenye kipimo.

Siisemi MAPE kuwa haina kazi. Kwa sukari na chumvi, ambazo kwetu mauzo ya wiki hayapandi wala kushuka sana, inatoa picha ya kweli na inaeleweka na kila mtu. Kwa mifuko ya dagaa imenidanganya.

WAPE: makosa yote kugawa kwa mahitaji yote

Kipimo cha pili kinatumia makosa yaleyale, ila kinabadilisha mpangilio wa hesabu. Badala ya kugawa kila wiki na kutafuta wastani baadaye, unajumlisha makosa yote kwanza, bila alama ya kujumlisha wala kutoa, kisha unagawa mara moja kwa jumla ya mahitaji. Kwenye programu huandikwa WAPE.

Makosa ya kijana ukiyajumlisha ni mabunda 400. Ukigawa kwa 800 unapata asilimia 50. Ya dada ni 280, sawa na asilimia 35. Sasa dada ameshinda, tena kwa mbali, na hatujabadilisha hata namba moja ya kwenye jedwali.

Tofauti inatokana na uzito. Katika WAPE bunda lililokosewa wiki ya mbalamwezi lina uzito sawa na bunda lililokosewa wiki ya giza. Kwangu mimi ninayelipia mzigo na nafasi ya stoo, huo ndio ukweli: bunda ni bunda. Wiki yenye sifuri nayo haileti shida, maadamu si wiki zote zilizo sifuri.

Tahadhari yake ni moja. Ukitaka WAPE ya stoo nzima usijumlishe mabunda ya mifuko na makopo ya rangi na pakiti za chumvi kwa idadi, kwani bidhaa ndogondogo zinazotoka kwa maelfu zitaifunika mifuko. Zidisha kila kosa kwa bei ya kununulia kwanza, ndipo ujumlishe shilingi.

Mwegemeo: kosa lina upande

MAPE na WAPE zote zinafuta alama. Kukosea juu na kukosea chini kwao ni kitu kimoja. Lakini stoo haioni hivyo hata kidogo. Ukizidisha, mzigo unalala na pesa inalala nao. Ukipunguza, mteja anavuka barabara.

Mwegemeo, ambao kwenye ripoti hujiandika Bias, unaacha alama mahali pake. Toa mahitaji kutoka kwenye maoteo, jumlisha, gawa kwa idadi ya wiki. Makosa ya kijana, wiki baada ya wiki, ni −50, −30, +50, −50, −70, −30, +30, −90. Jumla ni −240, yaani alipungukiwa mabunda 30 kila wiki kwa wastani, asilimia 30 ya mahitaji. Ya dada ni −20, 0, +80, −20, −40, 0, +60, −60, na jumla yake ni sifuri.

Kabla hujasoma mwegemeo wa programu yoyote, hakikisha unajua inatoa nini kutoka kwa nini. Nyingine hutoa maoteo kutoka kwenye mahitaji, na hapo −30 inakuwa +30. Njia ya kujua ni kuingiza bidhaa ya majaribio yenye mahitaji 10 na maoteo 15, uone inaandika +5 au −5. Namfahamu mtu wa Ujiji aliyesoma alama kinyume. Akapunguza oda ya bidhaa ambayo tayari ilikuwa inamwishia.

Ukweli mmoja wa mwegemeo ndio unaonifanya niuweke mbele ya vingine: makosa yenye upande hayafutani, yanarundikana. Dada akikosea +80 wiki hii, wiki zinazofuata zinamrudishia. Upungufu wa kijana kila wiki unaongezwa juu ya ule wa wiki iliyopita, na akiba yoyote utakayoweka italiwa. Ukiweka akiba ya mabunda 90 kufidia maoteo yake, kwa kupungukiwa 30 kwa wiki itakuwa imeisha yote siku mzigo wa dharura uliouagiza leo unapofika.

Ili nisisubiri miezi, naangalia ishara moja rahisi. Jumla ya makosa yenye alama naigawa kwa wastani wa makosa yasiyo na alama. Kwa kijana ni −240 kugawa kwa 50, jibu −4.8. Wengi wa kazi hii huchukua 4, juu au chini, kama mpaka: ukivukwa, maoteo yameegemea upande na yanahitaji kurekebishwa, si kuongezewa akiba. Kwa dada ni sifuri.

Udhaifu wa mwegemeo nao usisahaulike. Sifuri ya dada haimaanishi kwamba alipatia. Wiki ya 3 alizidisha mabunda 80. Inamaanisha tu kwamba alikosea pande zote sawasawa. Tena usijumlishe mwegemeo wa bidhaa mbalimbali. Mifuko iliyopungua na rangi iliyozidi zitakupa jumla nzuri sana wakati bidhaa zote mbili zinaumwa.

Kwa anayetumia Excel, safu ya B ikiwa na waliotaka na ya C maoteo, anza na kosa la kila wiki kwenye D, kisha mwegemeo, WAPE na MAPE kwa mfuatano huo:

```
=C2-B2
=SUM(D2:D9)/COUNT(B2:B9)
=SUMPRODUCT(ABS(D2:D9))/SUM(B2:B9)
=SUMPRODUCT(ABS(D2:D9)/B2:B9)/COUNT(B2:B9)
```

Leja inayoficha kosa

Sasa nirudi kwenye safu ya "waliotaka", kwa sababu vipimo vyote vitatu vinaanguka pamoja ikiwa safu hiyo ni ya uongo.

Wiki ya 8 tulikuwa tumeshaagiza kwa maoteo ya kijana, na stoo ilikuwa na mabunda 75. Yote yaliisha Alhamisi. Leja ikaandika mauzo 75. Maoteo yalikuwa 70, kwa hiyo kosa kwenye ripoti ni mabunda 5, chini ya asilimia 7. Lakini waliotaka walikuwa 160. Kosa la kweli ni 90.

Kijana hakuwa anadanganya. Yeye aliitazama leja, na leja ilimwambia amepatia. Ndivyo maoteo pungufu yanavyojithibitisha yenyewe: unaagiza kidogo, unauza kidogo kwa kuwa hukuwa na kingine cha kuuza, unaona ulipatia, unaagiza kidogo tena. Hakuna hesabu ya Excel itakayokutoa kwenye mzunguko huo.

Kilichotutoa sisi ni daftari la dada. Tangu zamani alikuwa na tabia ya kuandika waliokosa: tarehe, walichotaka, idadi. Hakuambiwa na mtu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kaka, akirudi Jumamosi nataka nijue alitaka mangapi." Bila daftari hilo jedwali la hapo juu lisingekuwepo. Kama huna la kwako, dalili ya kutafuta kwenye leja ni wiki ambazo salio limefika sifuri kabla ya Jumamosi. Wiki hizo usizihesabu kama mahitaji. Ziweke alama, na ukadirie kwa siku zilizokuwa na mzigo: mabunda 75 yakiisha kwa siku tatu na nusu za kazi kati ya sita, mahitaji ya wiki nzima yalikuwa kama 130. Si 160, lakini ni karibu zaidi na ukweli kuliko 75. Mwenye daftari naye asihesabu jina mara mbili: mteja aliyekosa Alhamisi na akarudi Jumatatu ni yuleyule.

Maoteo ya tatu, na kipindi cha kupimia

Baada ya kuona wiki ya 3 na ya 7, tulikaa na mzee mmoja mvuvi wa Katonga tukamwonyesha namba. Hakutazama jedwali kwa muda mrefu. Akauliza tarehe za wiki hizo mbili, akazitaja wiki za mwezi mpevu zinazofuata, kisha akasema, "Wanangu, hizi mngeziandika mapema." Na kweli, mwezi unajulikana kabla. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi. Tukaandika maoteo ya tatu: 120 kwa wiki za giza, 40 kwa wiki ya mbalamwezi.

Kwa wiki nane zilezile maoteo ya mwezi yana mwegemeo wa sifuri, WAPE ya asilimia 15 na MAPE ya 22. Yamewashinda wote wawili kwa MAPE na WAPE, na kwa mwegemeo yamelingana na ya dada. Ni haki niseme kwamba tuliyaandika tukiwa tumeshaziona wiki hizo, kwa hiyo asilimia hizo zinayapendelea. Maoteo hupimwa kwa haki yakiwa yameandikwa na kufungwa kabla ya wiki kuanza.

Nilikuwa tayari kuhamia huko moja kwa moja, mpaka nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: oda yangu inabeba wiki ngapi? Mzigo unachukua wiki tatu kufika na ninaagiza mara moja kwa wiki. Oda ya leo lazima itoshe hadi ile ya Jumatatu ijayo itakapofika, yaani wiki nne kutoka leo. Kosa la wiki moja moja halinihusu sana. Linalonihusu ni kosa la wiki nne zilizojumlishwa.

Nikajumlisha: wiki ya 1 hadi 4, kisha 2 hadi 5, hadi mwisho. Zinapatikana jumla tano. Kwa dada makosa yake ni +40, +20, +20, 0 na −40, wastani wa mabunda 24 ukiacha alama. Kwa maoteo ya mwezi ni yaleyale, +40, +20, +20, 0 na −40, wastani 24. Kwa kijana ni −80, −100, −100, −120 na −160, wastani 112.

| Kipimo | Kijana | Dada | Mwezi |
|---|---|---|---|
| MAPE ya wiki | 72% | 81% | 22% |
| WAPE ya wiki | 50% | 35% | 15% |
| Mwegemeo kwa wiki | −30 | 0 | 0 |
| Kosa la wiki nne pamoja | 112 | 24 | 24 |

Mstari wa mwisho ulinishangaza, kisha nikauelewa. Wiki nne ni karibu mzunguko mzima wa mwezi. Kila kipindi cha wiki nne kina mbalamwezi moja ndani yake, na kwa hiyo kuijua ni wiki ipi hakupunguzi kosa la oda. Kwa wiki nne dada anaandika 400 na maoteo ya mwezi nayo yanatoa 400, kwa hiyo wamelingana 24 kwa 24 na hakuna mshindi kati yao. Kinachobaki wazi ni kijana: makosa ya mbalamwezi yamefutana, mwegemeo wake umejikusanya.

Kwa hiyo maoteo ya mwezi tumeyabakiza kwa kazi nyingine, ya kupanga vibarua na gari la kupeleka mzigo Kibirizi, ambako wiki moja ni wiki moja. Kwa oda tunatumia namba ya dada. Duka linaloletewa mzigo kila baada ya siku tatu lingechagua kinyume chake, na lingekuwa sahihi.

Kutoka kosa hadi oda

Kosa la wiki nne ndilo linalopanga ukubwa wa akiba ya tahadhari. Kanuni ninayotumia: zidisha wastani wa kosa kwa 1.25, hapo unapata makadirio ya mtawanyiko wa makosa, kisha zidisha kwa 1.65 ukitaka mzigo utoshe kama mara 95 kati ya 100. Ishirini na nne mara 1.25 ni 30, mara 1.65 ni karibu mabunda 50.

Ningetumia kosa la wiki la dada, ambalo ni mabunda 35, ningelizidisha na kipeuo cha pili cha wiki nne, yaani 2, kama vitabu vingi vinavyofundisha. Baada ya kuzidisha na zile 1.25 na 1.65, jibu lingekuwa 144. Kanuni hiyo inachukulia kwamba kosa la wiki moja halina uhusiano na la wiki inayofuata. Kwetu yana uhusiano, kwa sababu ya mwezi. Tofauti ni mabunda 94, na kwa bei yetu ya kununulia ya shilingi 60,000 kwa bunda ni shilingi 5,640,000 zilizolala stoo bila kazi.

Mipaka ya hesabu hii ni miwili. Hizo 1.25 na 1.65 zinafaa makosa yanapotawanyika karibu sawa pande zote mbili na mwegemeo ukiwa karibu na sifuri. Kwa maoteo ya kijana hazina maana yoyote. Na wiki nane ni chache. Mimi nazirudia kila mwezi kwa wiki 26 za nyuma, nikitoa zile za kipindi ambacho ziwa limefungwa, kwa kuwa kufungwa kunatangazwa na oda inapangwa kwa tangazo. Wiki za kufunguliwa siziondoi. Tulipofunguliwa Agosti 2024 watu walikuja kununua mifuko kabla ya dagaa wa kwanza kukauka, na kosa hilo nataka liendelee kunikumbusha.

Kwa spea za injini za boti, zinazouzwa moja au mbili kwa mwezi, sitazami asilimia yoyote. Naangalia vipande vilivyokosewa kwa miezi mitatu, na upande vilikokwenda.

Oda ya Jumatatu iliyopita ilikwenda hivi. Wiki nne za mabunda 100 ni 400, ongeza akiba 50, lengo ni 450. Stoo ina 130. Njiani, katika oda mbili zilizokwishatumwa, kuna 210. Jumla ni 340, kwa hiyo tumeagiza 110. Kijana ndiye aliyepiga hesabu, na kabla ya kutuma aliomba daftari la waliokosa, akakuta mistari miwili ya wiki hiyo, mabunda sita. Ameyaongeza kwenye safu ya waliotaka.